MCHANGO WA MATIBABU MTANDAONI: NANI KAUFUNGUA, NA FEDHA ZINATOKEA MLANGO UPI?

Katika mitaa ya Mkuyuni, kama ilivyo katika mitaa mingine ya wafanyakazi jijini Mwanza, mchango wa matibabu una sura ambayo kila mtu anaijua. Mgonjwa amelazwa Bugando au Sekou Toure, jamaa zake wamekaa kikao, daftari limefunguliwa, na jina la kila mchangaji limeandikwa pamoja na kiasi alichotoa. Mshika daftari ni mtu ambaye nyumba yake inajulikana. Fedha ziko kwa mweka hazina, ambaye nyumba yake nayo inajulikana. Siku ya kulipa huenda watu wawili au watatu kwa pamoja, na stakabadhi ya hospitali hurudishwa ikaonyeshwa mbele ya kikao.

Hakuna aliyewahi kuketi akaziandika kanuni hizo, lakini ndani yake mna majibu ya maswali mawili makubwa: ni nani anayekusanya, na fedha zitatokaje mikononi mwake hadi kumfikia mgonjwa. Kwa kuwa majibu yalikuwa wazi mbele ya macho ya watu, maswali yenyewe hayakuwa na haja ya kuulizwa.

Siku hizi daftari limehamia katika simu. Mtu hupokea ujumbe kwenye kundi la kazini au la kanisani, akabonyeza maandishi ya buluu, na mbele yake ukafunguka ukurasa wenye picha ya mgonjwa, maelezo ya ugonjwa, kiasi kinachohitajika, na mstari unaoonyesha fedha zilizokwisha kupatikana. Huenda mgonjwa mwenyewe ametoka Ngara au Bariadi, kwa maana Bugando hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Huenda aliyefungua ukurasa yuko Dar es Salaam, na huenda yuko Marekani. Mchangaji wa Mkuyuni hawajui wote wawili. Hana budi sasa kuyauliza kwa makusudi maswali yale mawili ambayo zamani yalijijibu yenyewe.

Makala haya yanaeleza namna ya kuyauliza. Nayo yanataka kuonyesha jambo moja ambalo wengi hawalitilii maanani: swali la pili, la namna fedha zinavyotoka, lina uzito kuliko lile la kwanza.

MAJINA MATATU KATIKA UKURASA MMOJA

Tuanze na utambulisho. Katika kila mchango wa matibabu unaofanywa mtandaoni kuna watu watatu, ingawa mara nyingine watu hao hukutana katika mtu mmoja. Wa kwanza ni mratibu, yaani yule aliyefungua ukurasa. Wa pili ni mgonjwa. Wa tatu ni mwenye akaunti ya benki au ya simu ambayo fedha zitaingia mwishoni. Tovuti nzuri humwonyesha mchangaji majina yote matatu, na huonyesha uhusiano uliopo baina yao: kwamba mratibu ni binamu wa mgonjwa, na kwamba akaunti ni ya mama yake mgonjwa. Tovuti dhaifu huonyesha jina moja tu, aghalabu jina la mgonjwa, na mchangaji hudhani kwamba mgonjwa ndiye atakayezipokea fedha.

Tovuti nyingi huweka alama ndogo kando ya jina la mratibu kuonyesha kwamba amehakikiwa. Yafaa kujua alama hiyo inathibitisha nini na haithibitishi nini. Aghalabu maana yake ni kwamba mtu huyo ametoa kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kwamba jina lililo katika kitambulisho linalingana na jina la akaunti. Basi. Alama hiyo haisemi kwamba kuna mgonjwa. Haisemi kwamba ugonjwa ni huo ulioandikwa, wala kwamba hospitali imedai kiasi hicho. Mtu mwenye kitambulisho halali kabisa aweza kusema uongo, na kitambulisho chake kisimzuie hata kidogo.

Kuna jambo jingine lililojificha hapo. Tovuti nyingi hupokea fedha kwanza na kumhakiki mratibu baadaye, pale anapotaka kuzitoa. Kwa hiyo, kule kuona kwamba ukurasa upo, na kwamba unapokea fedha, na kwamba watu mia moja wamekwisha kuchanga, si ushahidi kwamba tovuti imemkagua yeyote. Swali la kuuliza ni hili: je, uhakiki hufanywa kabla ya ukurasa kufunguliwa, au kabla ya fedha kutolewa? Jibu hupatikana katika sehemu ya masharti au ya maswali ya mara kwa mara. Tovuti isiyojibu swali hilo popote haifai kupewa hata shilingi elfu moja.

Udanganyifu ulio rahisi kuliko wote katika Afrika ya Mashariki hauhitaji hata tovuti ya bandia. Mwizi huchukua picha na maelezo ya mgonjwa wa kweli, ambaye ndugu zake wanachangisha kwa haki, akabadilisha namba ya simu peke yake, akausambaza ujumbe upya. Kila neno lililomo ni la kweli isipokuwa namba. Dawa yake ni kutazama jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuweka namba ya siri, kwa kuwa huduma zetu za fedha kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji. Ikiwa ukurasa unasema mweka hazina ni mama wa mtoto, na simu ikaonyesha jina la kijana wa kiume asiyetajwa mahali popote, simamisha mkono wako. Laini za simu nchini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Hata hivyo kuna laini zinazouzwa zikiwa zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, hivyo jina lililolingana ni hatua moja tu.

PALE UTAMBULISHO ULIPOKUWA SAHIHI NA MCHANGO UKAWA WA UONGO

Kisa kimoja cha Marekani kinaonyesha vizuri mpaka wa utambulisho. Mwishoni mwa mwaka 2017, mwanamke mmoja wa jimbo la New Jersey na mwenzi wake walifungua mchango katika tovuti ya GoFundMe. Walieleza kwamba mwanamke huyo aliishiwa petroli barabarani usiku, na kwamba mtu mmoja asiye na makazi akatumia dola zake 20 za mwisho kumnunulia petroli. Walitaka kumtafutia mtu huyo nyumba. Watu wapatao 14,000 walichanga, na jumla ikapita dola 400,000.

Waratibu hawakujificha. Majina yao yalikuwa ya kweli, nyuso zao zilionekana katika televisheni, na mpokeaji alisimama nao pichani. Kama kipimo ni utambulisho peke yake, mchango huo ulipita kwa alama zote. Lakini mwaka 2018 mpokeaji alilalamika kwamba fedha hazimfikii. Uchunguzi ulipofanywa, iligundulika kwamba kisa cha petroli kilitungwa, na kwamba fedha nyingi zilikwisha kutumika kwa gari, safari na kamari. Wote watatu walishtakiwa, na tovuti iliwarudishia wachangaji fedha zao.

Kasoro ilikuwa wapi? Mtu anayejulikana kwa jina na sura aliweza kuzihamishia fedha zote katika akaunti yake bila mtu wa pili kutia sahihi, na bila mahali ambapo fedha zilitakiwa kuishia. Mchango ule haukuwa wa matibabu, lakini funzo lake linaihusu kila wodi: kumjua mtu ni jambo moja, na kumzuia asizitoe fedha peke yake ni jambo jingine.

MILANGO MINNE YA KUTOLEA FEDHA

Tukiziangalia njia zinazotumika, tutaona kwamba fedha za mchango wa matibabu hutoka kwa milango minne.

Mlango wa kwanza ni ule wa fedha kwenda moja kwa moja kwa mratibu. GoFundMe hufanya kazi hivyo kwa kawaida, ingawa mratibu aweza pia kumweka mnufaika apokee mwenyewe. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo tovuti hiyo hupeleka fedha. Maana yake ni kwamba ukurasa wowote wa GoFundMe kwa ajili ya mgonjwa aliyelazwa Mwanza umefunguliwa na mtu mwenye akaunti ya benki ng'ambo, na fedha huingia kwanza katika akaunti ya huko. Ukaguzi wa tovuti huishia hapo. Safari ya pili, kutoka akaunti hiyo hadi Bugando, haina mlinzi isipokuwa dhamira ya ndugu yule na macho ya wale wanaomjua. Wengi wa Watanzania walioko nje hufanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini mchangaji ajue kwamba anamwamini mtu, haiamini tovuti. Ni haki yake kumwomba mratibu aonyeshe karatasi ya kutuma fedha na stakabadhi ya hospitali, na kuona kama tarehe na kiasi vinaafikiana.

Mlango wa pili ni wa waweka hazina. Huko Kenya iko tovuti ya M-Changa, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ambayo jina lake limetokana na neno letu la kuchanga. Humo mratibu huteua waweka hazina, na anapotaka kutoa fedha, hao hutakiwa kuidhinisha kwanza. Huu ni mfano wa daftari la mtaa uliotiwa ndani ya simu. Kwetu Tanzania, huduma ya M-Koba ya Vodacom ilibuniwa kwa vikundi vya kuweka akiba kwa fikra kama hiyo, yaani fedha ya kikundi haitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja. Udhaifu wa mlango huu ni pale waweka hazina wote wanapokuwa watu wa nyumba moja, au pale mtu mmoja anaposhika simu zote tatu. Kwa hiyo usiulize tu kama wapo. Uliza ni akina nani.

Mlango wa tatu ni wa taasisi inayotunza fedha. Agosti 2015, mwandishi mmoja wa Nairobi alichapisha kisa cha kijana mwenye uvimbe wa ubongo aliyehitaji shilingi milioni 1 za Kenya ili akatibiwe India. Fedha zilipokelewa kupitia shirika la saratani la Africa Cancer Foundation, wala si kwa simu ya mwandishi wala ya mgonjwa. Katika siku chache zilipatikana zaidi ya mara tano ya kiasi kilichoombwa. Hapo ndipo faida ya taasisi inapoonekana. Fedha inapozidi namna hiyo, mtu binafsi hujikuta na utajiri ambao si wake na ambao hakuutarajia. Taasisi yenye vitabu vya hesabu na wakaguzi ina mahali pa kuuandika.

Mlango wa nne ni wa hospitali yenyewe. Tovuti ya Watsi, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilijengwa juu ya fikra hiyo. Mgonjwa hakufungua ukurasa wake mwenyewe. Aliwasilishwa na hospitali au shirika la tiba lililomchunguza, na fedha zilikwenda kulipia tiba hiyo kwa watoa huduma. Miongoni mwa wagonjwa waliosaidiwa kwa njia hiyo wapo waliotibiwa katika Kituo cha Tiba cha Kilutheri cha Arusha. Hapa maswali yetu mawili hujibiwa kwa pigo moja, maana anayethibitisha ugonjwa ndiye anayelipwa, na fedha haipiti katika mfuko wa mtu.

Mlango huu wa nne twaweza kuufungua wenyewe hata bila tovuti. Hospitali za serikali hutoa ankara yenye namba ya malipo ya tarakimu 12, ile ambayo watu huiita kontrol namba. Mtu yeyote aliye na namba hiyo aweza kulipa kwa simu au benki, na fedha huingia kwa taasisi iliyotoa ankara. Mratibu akiiweka namba hiyo mbele ya wachangaji, amejifunga mikono yake mwenyewe kwa hiari, na hiyo ni dalili njema kuliko maneno mia. Lakini namba hizo huwa na muda wa kuisha, na ankara nyingine hulipika kwa kiasi kamili tu, si kwa vipande vya shilingi 5,000. Ndiyo maana mara nyingi huhitajika mahali pa kukusanyia kwanza, kisha kulipa kwa mkupuo mmoja.

MFANO MMOJA, HATUA KWA HATUA

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate hadi mwisho. Tuseme fundi cherehani wa Mkuyuni ana mtoto wa miaka 6 mwenye tundu la moyo. Hospitali imetoa ankara ya makadirio ya shilingi 4,800,000. Binamu yake aliye Dar es Salaam amefungua ukurasa wa mchango, na ukurasa unasema zinahitajika shilingi 9,000,000. Wafanyakazi 30 wa ghala moja mjini wamekubaliana kuchanga shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 600,000, nao wamemteua mama mmoja miongoni mwao afanye uchunguzi kabla fedha hazijatoka.

Hatua yake ya kwanza ni kuyaandika majina matatu kwenye karatasi. Mratibu ni binamu. Mgonjwa ni mtoto. Akaunti ni ya binamu pia. Hapo kuna alama ya kuuliza, ingawa bado si alama ya hatari. Anampigia binamu simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za mgonjwa?"

"Anaendelea hivyo hivyo, mama. Tunasubiri tarehe ya upasuaji."

"Mungu atamsaidia. Sasa mwanangu, sisi hapa ghalani tumekusanya kidogo, na wenzangu wamenituma niulize mambo mawili matatu ili niwajibu. Usione vibaya."

"Hapana mama, uliza tu."

Kule kusema kwamba ametumwa na wenzake si hila. Ndivyo ilivyo, na lugha hiyo humwondolea kijana fedheha ya kudhaniwa mwizi. Mratibu mwaminifu hulipokea swali kama hilo kwa utulivu, kwa kuwa majibu anayo. Mwenye kuhamaki na kusema kwamba mtoto atakufa wakati watu wanauliza maswali, huyo ni wa kuangaliwa mara mbili.

Hatua ya pili ni ankara. Mama anaomba nakala yenye jina la hospitali, tarehe, na kiasi. Kisha anaitafuta namba ya simu ya hospitali kwa njia yake mwenyewe, hatumii ile iliyoandikwa kwenye ukurasa, kwa maana mwizi aweza kuandika namba ya mwenzake. Hata hivyo hospitali haitamweleza mtu wa nje habari za mgonjwa, na haki iko upande wake: siri ya mgonjwa hulindwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti. Kwa hiyo njia sahihi ni baba wa mtoto kutoa ridhaa. Aende yeye mwenyewe pamoja na mwakilishi wa wachangaji hadi ofisi ya ustawi wa jamii iliyomo hospitalini, au idara ya fedha, waulize mbele yake: je, ankara hii ni yenu, na ingali vilevile? Mkuyuni si mbali na kilima cha Bugando; nusu siku inatosha.

Ofisi hiyo ya ustawi wa jamii ina faida ya pili. Ndiyo inayopima kama familia yaweza kupata msamaha au nafuu ya malipo. Iwapo sehemu ya gharama imekwisha kusamehewa au kubebwa na bima, lengo la mchango lipunguzwe kwa kiasi hicho, na ukurasa usahihishwe.

Hatua ya tatu ni tofauti ya hesabu. Ankara ni 4,800,000, ukurasa ni 9,000,000. Tofauti ni 4,200,000. Mama anamwomba binamu aichambue. Katika mfano wetu, jibu ni kwamba nauli, chakula cha mama anayemuuguza mtoto na dawa zitakazonunuliwa nje ya hospitali vimekadiriwa kuwa 900,000, na zilizobaki ziliwekwa "kwa dharura". Mahitaji ya kwanza ni ya kweli kabisa. Watu wengi husahau kwamba mlango wa hospitali hauwezi kulipia ugali wa mama anayelala chini ya kitanda cha mwanawe. Lakini dharura ya milioni 3 na zaidi, isiyo na maelezo, haikubaliki. Binamu anakubali kulishusha lengo hadi 5,700,000, na kuongeza makato ya tovuti.

Makato hayo nayo yahesabiwe mapema. Kwa mfano, GoFundMe nchini Marekani hukata asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila mchango. Watu 50 wakichanga dola 20 kila mmoja, zinapatikana dola 1,000. Makato ni dola 29 na dola 15, jumla 44, na zinabaki 956. Bado hapo hakuna gharama ya kuzituma fedha Tanzania. Ile zawadi kwa tovuti inayoombwa kando ni ya hiari, na mchangaji aweza kuandika sifuri.

Hatua ya nne ndiyo kiini chenyewe: namna ya kutoa. Wanakubaliana hivi. Shilingi 4,800,000 zitalipwa hospitalini peke yake, kwa namba ya malipo ya ankara, na picha ya stakabadhi itawekwa kwenye ukurasa siku hiyo hiyo. Shilingi 900,000 zitatoka kwa awamu 3 za 300,000, na awamu inayofuata haitatoka mpaka matumizi ya ile iliyotangulia yameonyeshwa. Kila utoaji utaidhinishwa na watu watatu wasio wa nyumba moja: baba wa mtoto, mwakilishi wa ghala, na mzee mmoja wa usharika wao. Ikiwa tovuti haina njia ya kuweka waidhinishaji, basi fedha zihamie katika akaunti ya kikundi iliyo nayo, na namba ya akaunti hiyo itangazwe.

Hatua ya tano ni ile ambayo watu huona haya kuitamka. Fedha zikizidi je? Na mgonjwa akifariki kabla ya upasuaji? Ni bora maneno hayo yaandikwe mapema, wakati hakuna aliye katika majonzi. Katika mfano wetu waliandika mistari miwili: ziada italipia deni la mgonjwa mwingine wa wodi hiyo kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, na mtoto asipojaliwa kufika upasuaji, gharama za hospitali zilizokwisha tumika zitalipwa kwanza, kisha wachangaji wataulizwa juu ya salio. Hizi ndizo hali mbili zinazozaa ugomvi hata pale ambapo hapakuwa na mwizi.

FEDHA ZINAPOKWAMA

Iko hasara nyingine isiyosababishwa na udanganyifu. Fedha zinapatikana, lakini hazitoki. Sababu ya kawaida ni majina. Kitambulisho cha baba kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mkewe. Tovuti inapokuja kuhakiki huona watu watatu badala ya mmoja, ikazuia fedha mpaka maelezo yatolewe, na siku ya upasuaji ikapita. Sababu nyingine ni tovuti ya ng'ambo isiyotuma fedha nchini kwetu, jambo ambalo mratibu huligundua mwishoni.

Kinga yake ni kukamilisha uhakiki na kufanya jaribio la kutoa kiasi kidogo, mathalani shilingi 10,000 za kwanza, kabla ya kuusambaza ukurasa kwa watu wengi. Mchangaji aweza kuuliza: je, mmekwisha kutoa fedha yoyote kwa njia hii ikafika? Swali hilo moja hufichua mambo mengi.

Wala mratibu asidhani kwamba kuaminika ni kuanika kila karatasi hadharani. Namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya jalada la hospitali na namba ya akaunti ya mtu binafsi zifunikwe katika picha zinazowekwa mtandaoni, kwa kuwa ndizo malighafi za matapeli wanaofuata. Karatasi kamili waonyeshwe waidhinishaji peke yao.

UKISHATUMA NA UKATILIA SHAKA

Mwenye kutilia shaka baada ya kutuma asikae kimya. Kwanza, aiandikie tovuti kwa kutumia kitufe cha kuripoti kilicho kwenye ukurasa, kwa sababu fedha ambayo bado iko mikononi mwa tovuti yaweza kuzuiwa, na iliyokwisha kutoka ni vigumu kurudi. GoFundMe, kwa mfano, ina utaratibu wa kumrudishia mchangaji aliyedanganywa iwapo atadai ndani ya mwaka mmoja tangu alipochanga. Pili, namba ya simu iliyotumika kwa utapeli itumwe kwa ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa nchini kwa kazi hiyo. Tatu, atoe taarifa polisi akiwa na kumbukumbu ya muamala na picha ya ukurasa aliyoipiga kabla haujafutwa. Udanganyifu wa namna hii unaangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Lakini mama wa ghala katika mfano wetu hakufika huko. Simu moja, safari moja ya Bugando na ukurasa mmoja wa makubaliano vilimchukua siku mbili. Shilingi 600,000 za wenzake zilikwenda katika namba ya ankara, si katika simu ya mtu, na stakabadhi ikabandikwa ukutani pale wanapotundika kofia zao za kazi, ili kila aliyetoa elfu ishirini yake aione anapoingia zamu.